Marupurupu ya Mazingira Magumu: Nani Huyapanga, Hupimwa Vipi, na Kwetu Delta Humfikia Nani

Hotuba iliyotolewa na mwanachama, afisa wa elimu mstaafu, katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu



Katibu aliniomba nizungumzie jambo moja ambalo limeulizwa katika kila kikao chetu cha mwaka huu. Kwa nini mwalimu akiletwa kwetu huanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajafungua sanduku, ilhali serikali humlipa pesa za ziada kwa sababu yuko kwetu? Na muuguzi wa zahanati je? Wengine kati yenu mlisema pesa hizo ni nyingi, na wengine mkasema hazipo kabisa. Kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli, na nitaeleza ni kwa nini.

Jambo lenyewe ni la wakati huu. Mwaka 2019 kamati iliyoundwa na idara mbalimbali za serikali ilitoa ripoti ya kupanga upya maeneo yote ya nchi yanayohesabiwa kuwa na mazingira magumu. Mwaka 2025 Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi, aliwaeleza wabunge kwamba serikali inataka kuitekeleza. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, pamoja na wabunge wa maeneo yanayoguswa, walipiga kelele, na utekelezaji ukasimamishwa ili mashauriano yafanyike. Kusimamishwa si kufutwa. Siku suala hili litakaporudi mezani, watakaosikilizwa ni wale wenye kitu mkononi cha kuonyesha. Nataka tuwe miongoni mwao.

Nani hupanga

Tuanze na mtu anayelipa. Mwalimu wa shule ya umma huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, ambayo sote twaiita TSC. Hata awe Ozi, Kilelengwani au Chara, mwajiri wake yuko Nairobi. Muuguzi wa zahanati ya kijiji hichohicho ana mwajiri mwingine. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, yeye ni mfanyakazi wa kaunti, na mshahara wake hutoka Hola. Kwa hiyo watu wawili wanaovuka mto kwa mtumbwi mmoja na kuchota maji mahali pamoja wanalipwa na mifuko miwili tofauti.

Juu ya mifuko yote miwili iko Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, iliyoundwa na Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 230 kinaipa kazi mbili: kupanga mishahara ya maafisa wa ngazi za juu wa dola, na kuishauri serikali ya taifa na zile za kaunti kuhusu malipo ya watumishi wengine wote wa umma. Mwalimu na muuguzi wamo katika fungu hilo la pili. TSC inapojadiliana na vyama vya walimu, hupata kwanza ushauri wa SRC kuhusu kiasi kinachoweza kutolewa, na mkataba unaofikiwa husajiliwa katika mahakama ya masuala ya ajira. Kaunti nayo hufuata viwango vilivyopitishwa na SRC kwa wafanyakazi wake.

Mbona basi malalamiko hayaishi? Sababu moja ni kwamba kwa miaka mingi kila mwajiri alishika orodha yake. Walimu walikuwa na orodha ya maeneo magumu, watumishi wa serikali wakawa na yao, na mahakama ikawa na yake. Mahali palipokuwa pagumu kwa mwalimu pangeweza kuwa pa kawaida kwa karani au daktari. Ripoti ya 2019 ilikusudia kuondoa tofauti hiyo kwa kuweka orodha moja kwa wote na kugawa maeneo katika mafungu mawili: yale magumu sana na yale magumu kiasi. Hilo lina haki ndani yake. Lakini serikali ilisema vilevile kwamba itaokoa takriban shilingi bilioni 6 kila mwaka. Pesa zikiokolewa, ujue kuna mtu aliyekuwa akizipata ambaye hatazipata tena. Ndiyo maana walimu walishtuka.

Hesabu inavyofanywa

Sasa tutazame kiasi chenyewe. Marupurupu ya mwalimu hutegemea mambo mawili tu: jina la eneo liwe kwenye orodha, na ngazi yake ya kazi. Eneo likiwa limo, mwalimu wa shule ya msingi aliye ngazi ya B5, ambayo ndiyo ya chini, hupata shilingi 6,600 kwa mwezi. Mwalimu wa ngazi ya C2, ambayo ndiyo huanzia mwalimu wa sekondari mwenye shahada, hupata 10,900. Mwalimu mkuu wa shule kubwa ya sekondari, aliye ngazi ya juu kabisa ya D5, hupata 38,100.

Hebu tuishike hiyo 6,600 tuifuate mpaka mfukoni, kwa maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Marupurupu haya hutozwa kodi kama mshahara mwingine wowote. Kwanza hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, yaani shilingi 181 na senti hamsini. Kisha hukatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, shilingi 99. Zinabaki kama 6,320. Hizo nazo hutozwa kodi ya mapato, na kwa kuwa mshahara wake wa msingi umekwisha kutumia kiwango cha chini cha kodi, kila shilingi ya nyongeza hukatwa asilimia 25 au 30. Kinachomfikia mkononi ni kati ya shilingi 4,400 na 4,750. Kwa upande mwingine, yule wa D5 hubaki na kama 25,500.

Tuseme basi mwalimu wetu wa B5 amepangiwa shule iliyo ng'ambo ya mto. Bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu tu, na kila mtu aweke za kijiji chake. Mara mbili kwa mwezi huenda Garsen kutafuta mahitaji. Kwa mtumbwi na bodaboda, kwenda na kurudi, tuseme ni shilingi 1,000. Hapo 2,000 zimekwenda. Ikiwa yuko upande wa Ozi, mnajua wenyewe kwamba wakati wa kiangazi bahari hupanda mtoni na maji huwa ya chumvi, kwa hiyo maji ya kunywa huletwa kwa mitungi. Tuseme ni mitungi kumi kwa wiki kwa shilingi 30. Hiyo ni 1,200 kwa mwezi. Tuongeze kuchaji simu na taa, na bei ya sukari na unga dukani ambayo imekwisha kubeba nauli ya mwenye duka. Kabla mwezi haujaisha, zile pesa zimekwisha kulipia umbali. Hazijambakizia hata kidogo cha kumfanya aseme, "Heri nibaki hapa."

Hapo mtaelewa kwa nini pande zote mbili zilisema kweli. Anayetazama hati ya mshahara ya mwalimu mkuu ataona pesa nyingi. Anayemtazama mwalimu kijana anayefundisha darasa la pili ataona pesa zilizoliwa na nauli. Ugumu wao ni uleule, kwani mto haumuulizi mtu ngazi yake ya kazi. Lakini marupurupu yamejengwa juu ya ngazi, kwa wazo kwamba mtu wa mshahara mkubwa huhitaji kivutio kikubwa zaidi ili asogee. Wazo hilo lina mantiki likitazamwa kutoka Nairobi. Kijijini, hata hivyo, wa chini ndio walio wengi na ndio huhama.

Kuna jambo moja zaidi katika hesabu hii. Kiasi kilichoandikwa kwa shilingi hukaa palepale mpaka mkataba mwingine uje. Bei ya mafuta ikipanda, nauli hupanda, lakini 6,600 hubaki 6,600. Wenzetu wa Uganda, katika mpango walioanza mwaka 2010 kwa wilaya ambazo ni vigumu kufika na kuishi, waliandika asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Mshahara ukipanda, marupurupu hupanda nao. Njia hiyo nayo ina dosari ileile ya kumpa mkubwa zaidi kuliko mdogo, ila angalau haisimami huku bei zikienda.

Kipimo huwekwa wapi

Sasa nafika mahali ambapo naona chama chetu kinahusika hasa. Mahali hupataje kuitwa pagumu?

Vigezo vinavyotumika katika mpango mpya si vibaya. Huangaliwa kama chakula kinapatikana, kama kuna maji salama ya kunywa, hali ya usafiri na mawasiliano, huduma za jamii kama shule na hospitali, hali ya hewa na umbo la ardhi, usalama, na kiwango cha umaskini. Ukivisoma utadhani aliyeviandika amewahi kulala Kau wakati wa masika.

Tatizo liko mahali kipimo kinapowekwa. Orodha huandikwa kwa majina ya maeneo makubwa: wilaya za zamani, kaunti ndogo, tarafa. Haiandikwi kwa majina ya shule na zahanati. Sasa fikirini Tana Delta yetu. Kuna lami inayotoka Malindi na kupita Garsen. Kuna lami nyingine kutoka Minjila kwenda Witu hadi Lamu. Pale Garsen pana umeme, pana mtandao wa simu, na basi la Mombasa hupita. Mtu akija na kalamu yake, akasimama Garsen akaandika barabara ipo na mawasiliano yapo, hatakuwa amedanganya. Lakini mwendo mfupi tu kutoka lami hiyo kuna vijiji ambavyo mto ukifurika havifikiki ila kwa mtumbwi. Mlishuhudia mafuriko ya mwisho wa 2023, kisha yale ya Aprili na Mei 2024, yalipokata hata barabara kuu ya kwenda Garissa. Ikiwa barabara kuu ilikatika, njia ya udongo ya kwenda kijijini ilikuwaje?

Eneo likipimwa kwa ukubwa huo, makosa mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, mwalimu anayekaa mjini kando ya lami hupata kiasi kilekile anachopata mwenzake wa ngazi yake aliye mwisho wa mto. Basi aliye mwisho wa mto akitafuta uhamisho, hutafuta wa kuja Garsen, kwa sababu hapotezi hata senti. Marupurupu yaliyowekwa ili kumvuta mtu aingie ndani hayana nguvu ya kumvuta atoke mjini kwenda kijijini katika kaunti ndogo ileile. Mkipita shule zetu mtaliona jambo hili kwa macho: hesabuni walimu wa tume katika shule zilizo kando ya barabara, kisha mkahesabu katika zile za ng'ambo.

Kosa la pili ni la kinyume chake. Mjini kukistawi, eneo zima huonekana limestawi, na likishushwa fungu au likiondolewa kwenye orodha, anayeumia kwanza ni yule ambaye ustawi huo haujamfikia. Lami ya Garsen isije ikamfukuza muuguzi wa Ozi.

Kuna nchi iliyojaribu njia nyingine. Gambia, Afrika Magharibi, ni nchi ndogo ambayo nayo imekatwa katikati na mto. Mwaka 2006 waliweka marupurupu ya walimu kwa kupima shule moja moja. Shule iliyo zaidi ya kilomita tatu kutoka barabara kuu, katika mikoa ya mbali, iliingia kwenye mpango, na mwalimu wake akapata nyongeza ya asilimia 30 hadi 40 ya mshahara wa msingi, kwa kutegemea mkoa. Kipimo hicho ni rahisi. Mtu yeyote anaweza kukihakiki kwa pikipiki.

Wachunguzi wawili wa uchumi, Todd Pugatch na Elizabeth Schroeder, walizilinganisha shule zilizokuwa nje kidogo ya mpaka huo wa kilomita tatu na zile zilizokuwa ndani kidogo. Waligundua kwamba marupurupu yaliongeza sehemu ya walimu waliohitimu katika shule za mbali kwa kiasi cha pointi kumi za asilimia. Hilo si dogo. Lakini walipotazama matokeo ya mitihani ya watoto, hawakuona kupanda kwa jumla. Nalitaja hili la pili kwa makusudi, ili tusijidanganye. Pesa hizi zikipangwa vizuri humleta mwalimu aliyesomea kazi. Kumfundisha mtoto akaelewa ni safari nyingine, inayohitaji vitabu, usimamizi na mwalimu aliyelala vizuri.

Kipimo cha kilomita nacho kina mapungufu yake kwetu. Shule inaweza kuwa kilomita mbili kutoka lami, lakini mto uko katikati. Kwa hiyo sisi tungehitaji kipimo cha namna yetu: ni siku ngapi kwa mwaka gari au pikipiki haifiki shuleni? Hilo ndilo swali ambalo lingetenganisha Garsen na Kilelengwani kwa haki.

Wasiopata kabisa

Ndugu zangu, kuna kundi ambalo huwa halitajwi. Tumekuwa tukizungumza kana kwamba kila aliyeshika chaki anapata marupurupu. Sivyo.

Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi amekuwa akilipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na yule wa shule ya msingi shilingi 15,000. Hiyo ni posho ya mafunzo, na haina marupurupu ya mazingira magumu juu yake. Aliye Mombasa mjini na aliye Chara hupata sawa. Mwalimu anayelipwa na bodi ya shule kwa michango ya wazazi hata hahesabiwi. Katika zahanati, wale walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walilipwa kiasi kimoja kisicho na marupurupu waliyopata wenzao wa kudumu waliokaa nao chumba kimoja cha sindano.

Na shule za ng'ambo, ambazo walimu wa tume huzikimbia, ndizo hutegemea zaidi wanagenzi na walimu wa bodi. Maana yake ni kwamba mahali palipo pagumu zaidi ndipo penye watu wengi zaidi wasiolipwa kwa ugumu huo. Mkisikia serikali inatumia mabilioni kwa marupurupu, kumbukeni pesa humfuata mtu aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu. Haziifuati shule, wala mtoto.

Yanapokwama

Niseme kidogo kuhusu makaratasi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya. Marupurupu haya hufuata kituo cha kazi. Mwalimu akiripoti shuleni, mwalimu mkuu hujaza fomu ya kuripoti na kuipeleka ofisi ya TSC ya kaunti ndogo, nayo huipeleka makao makuu ili jina lake lihamishiwe kituo kipya. Fomu ikichelewa, marupurupu huchelewa. Mwalimu mgeni huona mwezi wa kwanza umepita, wa pili umepita, na hajui amuulize nani. Wengi huvunjika moyo katika miezi hiyo.

Njia ya kujua ni rahisi: afungue hati yake ya mshahara, aone kama jina la kituo ni la shule aliyopo na kama kuna mstari wa marupurupu ya mazingira magumu. Jina la kituo likiwa la zamani, kosa liko kwenye fomu. Jina likiwa sawa lakini mstari haupo, basi kituo hicho hakijaunganishwa na orodha, jambo linaloweza kutokea kwa shule mpya au baada ya mipaka ya utawala kugawanywa. Hapo barua iandikwe kwa mkurugenzi wa kaunti, ikitaja tarehe ya kuripoti na namba ya shule.

Kinyume chake pia hutokea. Mwalimu akihamia nje ya eneo na marupurupu yasisimamishwe, ataendelea kuyapokea, kisha siku moja atakatwa yote kwa mpigo. Na wote wakumbuke kwamba pensheni huhesabiwa kwa mshahara wa msingi. Aliyevumilia mtoni miaka ishirini hatastaafu na shilingi moja zaidi ya mwenzake wa mjini kwa sababu ya uvumilivu huo.

Mahali pesa zinapokoma

Liko pia jambo ambalo marupurupu hayawezi kulinunua, nalo ni usalama wa roho. Baada ya shambulio la basi la Mandera, Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka kaskazini mashariki, ijapokuwa marupurupu yalikuwepo. Sisi wenyewe twakumbuka mwaka 2012 hapa Delta, damu ilipomwagika kati ya jirani na jirani. Hakuna mgeni anayebaki mahali ambapo wenyeji wanauana. Amani ambayo wazee wetu wameishikilia tangu hapo imewabakiza walimu na wauguzi wengi kuliko karatasi yoyote ya Nairobi.

La pili ni nyumba. Mgeni akifika kijijini asipate chumba chenye mlango unaofungika, atapanga Garsen na kuja kazini kwa pikipiki. Mvua ikinyesha haji. Zahanati isiyo na nyumba ya muuguzi hufungwa saa kumi jioni, na mama akishikwa na uchungu usiku, yule muuguzi aliyelipwa kwa ajili ya mazingira magumu yuko ng'ambo ya mto.

Tunaloweza kufanya

Chama hakiwezi kuongeza marupurupu ya mtu. Lakini kipo tunachoweza kukifanya kabla orodha haijafunguliwa tena.

Kwanza, kila shule na kila zahanati ya kwetu iwe na daftari moja. Ndani yake ziandikwe siku ambazo gari halikufika na sababu yake, siku ambazo maji yalikuwa ya chumvi, nauli ya kwenda Garsen kila mwezi, na siku ambazo mwalimu au muuguzi alishindwa kuvuka. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa bodi watie sahihi. Daftari la miaka miwili litasema kuliko hotuba ya mbunge, kwa sababu linajibu vigezo vilevile ambavyo kamati inavipima.

Pili, tuandike barua kwa TSC na kwa kaunti, tuulize ni vituo gani vya kwetu vimo kwenye orodha, na kila kituo kina wafanyakazi wangapi wanaolipwa marupurupu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila Mkenya haki hiyo, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Hatuombi majina ya watu, twaomba hesabu. Hesabu hiyo tukiiweka kando ya daftari, tutaweza kusema mbele ya SRC: vigezo ni vyema, lakini pimeni kituo kwa kituo.

Tatu ni zile nyumba mbili ambazo fomu za mchango wake zimo katika kijitabu hiki, moja ya walimu na moja ya muuguzi. Nimewapa hesabu ya yule mwalimu wa B5 anayebaki na shilingi elfu nne na kitu. Akipata chumba bila kodi na tangi la kuvuna maji ya mvua, nauli ya kila siku na bei ya mitungi hupungua, na zile pesa za serikali huanza kubaki mfukoni mwake. Naiomba kamati ya ujenzi ihakikishe nyumba zimeinuliwa juu ya alama ya mafuriko ya 2023, na tangi lijengwe pamoja na nyumba, lisiachwe kwa awamu ya pili. Nyumba isiyo na maji tutaijenga, na mwalimu bado atarudi kulala Garsen.

Bwana Mwenyekiti, naomba maswali yaanze na walimu na wauguzi waliomo humu ndani, maana wao ndio wenye hati za mshahara.